Mwenzangu wa Aya ya Pili

Watoto wa mitaa yote walimwita Mama Vipimo, na wengine walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuja na kisanduku chake cha plastiki, akagonga geti, akasema, "Hodi wenyewe, nimekuja kuamkia bomba," na kabla hujamkaribisha ameshachuchumaa. Aliyaacha maji yamwagike dakika mbili tatu, kwa sababu alitaka maji ya mtaani, si yale yaliyolala usiku kucha kwenye bomba la nyumba. Kisha alikinga kidogo kwenye kichupa cha kioo, akatia kidonge na kutikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo na kazi inaendelea. Yakibaki vilevile, basi njiani kote huko hakuna kitu kinachoyalinda. Watoto walisimama nyuma yake kumtazama, na waridi likitokea walipiga kelele, "Soda hiyo!" wakagombania nani aonje. Hakuna aliyewahi kuonjeshwa.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na saba katika maabara ya mamlaka ya maji. Aliingia na stashahada, akasoma shahada ya kwanza jioni na Jumamosi kwa miaka sita, watoto watatu wakizaliwa katikati ya mitihani. Yule wa kati alizaliwa siku mbili baada ya mtihani wa kemia, na nyumbani wakamwita Kemia mpaka alipojua kukasirika. Sasa mama mtu alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kusoma shahada ya uzamili ya ubora wa maji kwa ufadhili. Ufadhili huo haukupokea mtu aliyefikisha miaka arobaini. Yeye alikuwa na thelathini na tisa, na alikuwa ameomba mara mbili. Mara zote mbili jibu lilianza na neno "Tunasikitika."

"Wanasikitika wao, lakini anayelia ni wewe," mumewe alimwambia mara ya pili. Alikuwa mtu wa utani, na huo ulikuwa utani wa kumpoza, ila haukumpoza.

Mara ya tatu alimeza kiburi chake akamwomba wifi yake amsomee maelezo binafsi, zile kurasa mbili za kujieleza zinazotakiwa kwenye maombi. Wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kingine, si kile ambako Mama Vipimo aliomba kusoma, na kila mwaka alikaa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi wa uzamili. Mama Vipimo hakuwa amemwomba kabla kwa sababu moja. Wifi alikuwa na ulimi. Chakula chako kikikosa chumvi, ukoo mzima ulijua kabla sahani hazijaoshwa.

Wifi alikuja Jumamosi mchana, akaketi kwenye kochi, akavua viatu na kusoma kurasa zote mbili kimya. Kisha akatoa kalamu nyekundu.

"Wifi yangu, hii ni nini?"

"Maelezo binafsi. Si ndiyo yanayotakiwa."

"Hii ni risiti ya duka. 'Mimi ni mtu mwenye bidii na ninayependa sayansi tangu utotoni.' Haya, nani aliwahi kuwaandikia kwamba ni mvivu na sayansi inamtia kichefuchefu?" Akachora mstari. "Mfanyakazi bora mwaka huu. Mfanyakazi bora mwaka ule. Cheti cha huduma ya kwanza. Cheti cha kompyuta. Katibu wa kwaya. Kwaya inasafisha maji?"

"Inaonyesha uongozi."

"Inaonyesha unaimba. Sikiliza. Haya yote yamo kwenye wasifu wako, na wanao mezani. Ukiyarudia hapa umewasomesha kitu kilekile mara mbili, na mtu amesoma mia moja na ishirini kabla yako, macho yamemvimba. Huku wanataka wajue jambo moja. Ni nini kilikufanya ulitake hili somo, na kwa nini usilale mpaka ulipate." Akageuza ukurasa. "Nikufundishe kipimo changu, maana na mimi nina vipimo. Kati ya aya na aya, jaribu kuweka neno 'pia.' Nilifanya hiki, pia nilifanya kile. Likikaa vizuri, jua una orodha. Halafu jaribu kuweka 'kwa hiyo.' Likikaa hilo, una hadithi. Wewe umejaza 'pia' kurasa mbili."

Mama Vipimo alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechomwa sindano mahali panapostahili.

Wifi hakucheka. Alikuwa ameishika kalamu juu ya mstari mmoja katikati ya ukurasa wa pili. "Huu mwaka hapa, miaka minne iliyopita. Ulinunua kipimo chako mwenyewe cha klorini. Kwani kazini hawana?"

"Wanavyo."

"Mwaka huohuo ukasoma kozi ya takwimu ya jioni, hukutumwa na mtu. Mwaka huohuo ukachora ramani ya mabomba yote ya mwisho wa mtandao wa maji. Mwaka huohuo ukasimama mbele ya wakuu ukawaambia waongeze sehemu za kupimia. Miaka kumi na mitatu kabla yake umepokea vyeti tu, halafu ghafla mwaka mmoja umepandwa na shetani. Kulitokea nini?"

Nje mtu alikuwa anapigilia bati. Mama Vipimo alisikiliza nyundo ile kama vile ndiyo iliyoulizwa.

Kulitokea hivi. Maabara ilikuwa na wapimaji wawili wa mitaani, yeye na mzee mmoja aliyeitwa Mzee Chupa, kwa sababu alitembea na chupa za sampuli zikigongana begani, ukamsikia kabla hujamwona. Mji uligawanywa kanda nne. Yeye alipima ya kwanza na ya pili, mzee alipima ya tatu na ya nne, na kila fomu ilikuja kutoka kiwanda cha uchapaji ikiwa imeshaandikwa namba ya mpimaji wa kanda hiyo. Mwaka ule, mvua zilipoanza, mke wa mzee alilazwa. Mzee alikuwa amemaliza likizo yake yote kwenye ugonjwa huohuo. Akamwambia Mama Vipimo, "Mwanangu, nishikie kanda zangu wiki mbili tatu, nikakae naye." Akakubali. Wiki tatu zikawa tisa.

Mwanzoni alikwenda kweli. Lakini pikipiki ya ofisi iliharibika, na kanda ya nne ilikuwa kule juu mwisho kabisa, matope hadi kwenye magoti, na nyumbani ana mtoto wa miezi saba. Wiki ya nne aliketi mezani akatazama fomu. Wiki zote zilizopita namba ya klorini ilikuwa sifuri nukta tano, au nukta nne. Akaandika nukta tano. Wiki iliyofuata akaandika nukta nne. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Wiki sita aliandika maji ambayo hakuyaona.

Mzee aliporudi, baada ya mazishi, alifunua fomu zake akazisoma moja moja. Namba iliyochapwa juu ilikuwa yake, tarakimu zilikuwa za mkono wa mtu mwingine, nukta tano na nukta nne zikipokezana. Alisema maneno machache tu: "Mwanangu, maji hayajui kusoma daftari. Twende." Wakapanda pamoja hadi bomba la mwisho. Kidonge kikayeyuka chote, na maji yakabaki kama yalivyotoka. Sifuri. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo nyuma yao wakisubiri wamalize. Kuanzia siku hiyo Mama Vipimo hakutulia. Alitaka kujua klorini inapotelea wapi, kwa muda gani, katika mabomba gani, na ni mabomba mangapi yapimwe ili mtu asidanganyike tena.

Hayo yote yalipita kichwani mwake wakati nyundo inagonga mara nne au tano.

"Niligundua," akasema, "kwamba vipimo vya kanda ya nne vilikuwa vinaandikwa mezani."

Wifi alinyanyua kichwa. "Na nani?"

Kulikuwa na nafasi hapo, ndogo, ya kutosha neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "mimi." Lakini aliyekuwa mbele yake ni wifi, na ulimi wa wifi haukuwa na mlango.

"Na mwenzangu," akasema.

"Ehee," wifi akasema, akakaa sawa kama mtu aliyeletewa chai. "Sasa tumefika. Hadithi yako ni hiyo hapo, na umeificha chini ya kwaya."

Waliifanyia kazi wiki mbili. Wifi hakumwandikia hata sentensi moja. Alimuuliza tu, na kumfutia. Cheti cha huduma ya kwanza kikaondoka, mfanyakazi bora akaondoka, kwaya ikaondoka ikiwa inaimba. Aya ya kwanza sasa ilianza moja kwa moja kwenye lile bomba la mwisho, kidonge kimeyeyuka na maji hayajabadilika. Aya ya pili ilisema: "Kwa msimu mzima wa mvua, vipimo vya bomba hilo vilikuwa vimeandikwa mezani na mwenzangu ambaye hakufika huko." Aya ya tatu ilikuwa kile kipimo alichojinunulia na safari zake za Jumapili kwenda kulipima bomba hilo. Ya nne ilikuwa takwimu, kwa sababu alihitaji kujua mabomba mangapi yanatosha. Ya tano ilikuwa ramani, na swali lililobaki baada ya ramani, yaani kwa nini maji yanayotolewa kwa zamu hupoteza klorini haraka kuliko yanayotiririka siku zote. Ya mwisho ilieleza kwamba katika chuo hicho kuna profesa anayechunguza jambo hilohilo, na yeye angependa kufanya nini chini yake. Ulipoweka "kwa hiyo" kati ya aya na aya, lilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Mama Vipimo aliisoma kwa sauti jikoni. Ilikuwa nzuri. Kwa mara ya kwanza alijiona mtu mmoja, si lundo la vyeti. Na kila alipofika aya ya pili sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

"Jambo la mwisho," wifi alimwambia kwenye simu. "Mpe mkuu wako nakala kabla hajaandika barua ya kukupendekeza. Barua yake na maelezo yako vikisimulia jambo moja, umepita. Vikisimulia mawili, wanaanza kuulizana."

Akampa. Hata hakufikiri. Kila alichoambiwa na wifi mpaka hapo kilikuwa kimefaa.

Mkuu wa maabara alimwita siku ya nne. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya chumba cha sampuli, na mezani palikuwa na zile kurasa mbili, zimenyooshwa.

"Kaa, mama. Nimesoma mara mbili," akasema. "Miaka yote hii sikujua unaweza kuandika hivi. Barua yako nimeituma jana jioni kwenye mfumo wao. Nimewaambia wazi kwamba ulifichua vipimo vya kubuni vya mfanyakazi mwenzako na ukabadilisha utaratibu wetu. Nimekusifu mpaka nimeona aibu."

"Asante sana, mkuu."

"Sasa tuzungumze jambo la pili." Alivua miwani. "Mwenzako. Wewe hapa una mwenzako mmoja tu."

Mama Vipimo alitazama kurasa. Alikuwa ameandika neno hilo kana kwamba dunia ina wenzake elfu.

"Ni mambo ya zamani, mkuu. Yalishapita."

"Ni ya miaka minne. Nimetoa fomu stoo, nimezitazama. Nukta tano, nukta nne, nukta tano, nukta nne, kama saa ya ukutani. Namba ya mpimaji ni ya mzee." Alisema kwa huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Ungekuwa umeniambia mdomoni ningeweza kusahau. Lakini sasa nimeandika na kutia sahihi kwamba najua. Nikijua na nisifanye kitu, na mimi nimo."

Hapo palikuwa na nafasi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Mama Vipimo aliiona vizuri kabisa. Aliona pia tarehe ya mwisho ya maombi, siku tatu mbele, na siku yake ya kuzaliwa, miezi minne mbele. Akasema, "Sawa, mkuu," akashuka ngazi.

Jioni hiyo alimpigia wifi.

"Nauliza tu, wifi. Kama ile aya ya pili ingesema ni mimi niliyeandika mezani?"

Wifi alishusha sauti. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa ajabu.

"Ni wewe?"

"Nauliza tu."

"Ingekuwa bora mara kumi," wifi akasema polepole. "Mtu aliyekosea, akaona, akajirekebisha, kamati inampenda huyo. Ndiye hadithi yenyewe. Mshtaki ni mshtaki tu." Akavuta pumzi. "Lakini barua ya mkuu imeshakwenda, na mfumo haurudishi barua. Ukibadilisha sasa, mnakuwa mashahidi wawili mliogombana mlangoni mwa mahakama. Wifi, ni wewe?"

"Mtoto analia," alisema Mama Vipimo, akakata. Hakuna mtoto aliyekuwa akilia. Siku ya tatu aliwasilisha maombi, aya ya pili kama ilivyokuwa.

Mzee Chupa alipewa barua ya tuhuma Ijumaa. Aliondolewa mitaani, akawekwa stoo kuhesabu chupa mpaka kamati ya nidhamu ikae. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Asubuhi ya Jumatatu alikuja chumba cha sampuli, safari hii bila chupa begani, kwa hiyo hakusikika mpaka aliposimama karibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeandika kitu kizuri. Naomba nikisome."

Hakuweza kumnyima. Mzee alivaa miwani, akasoma amesimama, kidole chake kikitembea chini ya kila mstari, kama alivyosoma zile fomu siku ile. Alichukua muda mrefu. Pale penye lile bomba alitikisa kichwa, hata akatabasamu. Kisha akafika aya ya pili, na kidole kikakaa.

"Umeandika vizuri," akasema mwisho. "Mimi humu ni mtu mbaya sana."

"Sikutaja jina, mzee. Wallahi sikutaja."

"Hukutaja. Ungetaja, ningeweza kukana jina langu." Akamrudishia kurasa. "Na ile siku tuliyopanda pamoja, hapa umepanda peke yako."

"Wifi alisema nipunguze watu. Maneno ni mia nane tu."

"Mia nane," mzee akarudia, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Haya. Nami wamenipa nusu ukurasa nijieleze. Nikisema sikuandika mimi, wataniuliza ulikuwa wapi. Wiki tisa nilikuwa wapi? Kitanda namba kumi na moja. Bila ruhusa. Hilo nalo ni la kufukuzwa." Akainua mabega. "Nimeiacha nyeupe."

Alirudi stoo. Mama Vipimo alikaa na vidonge mkononi mpaka vikalowa jasho na kugeuza vidole vyake waridi.

Usaili ulifanyika kwa video wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi. Aliwaacha watoto kwa jirani, akavaa blauzi ya mikutano juu na khanga chini, akaweka kompyuta juu ya kabati la vyombo ili ukuta uonekane msafi. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye sauti ya kubembeleza, wa pili aliandika tu, na wa tatu alikuwa yule profesa wa klorini mwenyewe, mtu mwembamba aliyesogelea kamera mno, ukaona paji la uso zaidi ya macho.

Waliyasifu maelezo yake. Mwenyekiti alisema wamesoma mengi mwaka huu, ila haya yalikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Walimuuliza kuhusu ramani akajibu. Walimuuliza kuhusu maji ya zamu akajibu vizuri mno, akasahau kuogopa, mikono yake ikachora mabomba hewani. Kisha profesa akasema:

"Kuna kitu kimoja sikukielewa. Aya ya pili. Siku hiyo ulipima bomba la mwisho ukapata sifuri. Sifuri ya siku moja inakwambia habari za siku hiyo. Haikwambii kwamba wiki zilizopita hakuna aliyepima. Sasa, ulijuaje?"

"Namba zilifanana mno, profesa. Nukta tano, nukta nne, wiki baada ya wiki. Maji halisi hayatulii hivyo."

"Hiyo ni shaka, na ni shaka nzuri. Lakini hukuandika 'nilishuku.' Umeandika zilikuwa zimeandikwa mezani, na mtu ambaye hakufika. Huo ni uhakika." Paji la uso lilisogea zaidi. "Sikuulizi kwa ubaya. Mtafiti lazima ajue tofauti ya anachojua na anachodhani. Ulijuaje?"

Katika hadithi ile yote, iliyoshonwa ikakazwa, palikuwa na tundu moja, na mtu huyu alikuwa ameingiza kidole mlemle. Mtu mmoja tu duniani angeweza kujua kwa uhakika kwamba namba zile zimeandikwa mezani, naye ni yule aliyeketi kwenye meza hiyo. Yule wa pili aliacha kuandika akasubiri.

"Alikiri," akasema Mama Vipimo. "Mwenzangu mwenyewe. Alikiri."

"Ahaa," profesa akasema, akaegemea nyuma. Sasa macho yalionekana, yalikuwa macho ya upole. "Basi liongeze hilo ukiandika tena siku nyingine. Msomaji anahitaji kulijua."

Barua ilikuja baada ya siku nane. Haikuanza na "Tunasikitika." Mumewe aliisoma kwa sauti sebuleni mara tatu, watoto wakaruka juu ya kochi, na wifi akatuma ujumbe mfupi wa neno moja, "Hongera," bila alama wala utani. Ulimi wa wifi ulikuwa umepata mlango hatimaye.

Kazini walimpigia makofi. Mkuu alinunua keki, ikakatwa kwenye meza ya mikutano, kila mtu akapewa kipande kwenye karatasi ya kuchujia, maana sahani hazikuwepo. Mzee Chupa hakuitwa. Baada ya saa sita alikuja mwenyewe chumba cha sampuli kutoka stoo, vumbi la maboksi kwenye mikono ya shati, akampa mkono.

"Hongera, mwanangu. Umehangaika nayo sana."

"Asante, mzee."

"Walikuuliza habari zangu?"

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amechoka, na mbele ya mzee huyu peke yake duniani hakukuwa na faida ya kusema uongo.

"Waliuliza nilijuaje."

"Ukasema?"

"Nikasema ulikiri."

Mzee Chupa hakushtuka. Aliketi kwenye kigoda cha kufikia rafu, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena.

"Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu," akasema. "Na ile nusu ukurasa yangu bado nyeupe."

"Mzee, usifanye."

"Mkuu ataulizwa na chuo, au hataulizwa. Mimi sijui. Lakini akiulizwa kama nilikiri, aseme nini?" Aliongea taratibu, kama mtu anayepanga chupa kwenye kreti. "Wakikuta umewadanganya watakunyang'anya, na mwakani umeshapita umri. Mimi hata nikisema kweli wananitoa. Nikikiri wananitoa pia, ila mapema kidogo na kwa heri ya mkono. Wewe ulinipa wiki tisa na mke wangu. Aliniona kila siku alipofumbua macho. Sikukulipa."

"Sikukusaidia ili unilipe."

"Najua. Ungekuwa umenisaidia ili nikulipe, nisingekulipa." Akasimama, goti likalia. "Ila nikwambie kitu, mwanangu, na usikasirike. Siku ile kule juu, ulipoona yale maji meupe ukalia, nilijiambia, huyu ndiye mtu. Nilikuwa najivunia wewe miaka minne yote hii. Hilo sasa sitakuwa nalo."

Akamwomba kalamu. Mama Vipimo alikuwa nayo mfukoni mwa koti la maabara. Aliishika, akajua kwamba akisema neno moja tu, hata sasa, hata kwa sauti ndogo, mzee angeketi tena, wangepanda ngazi wote wawili, na mambo yangekuwa mengine kabisa. Alifikiria chuo, maktaba yake ambayo ameiona kwenye picha tu, na yule profesa mwenye macho ya upole. Akampa kalamu.

Alimsikia akipanda ngazi moja moja kuelekea kwa mkuu. Mlango uligongwa mara mbili, ukafunguliwa, ukafungwa. Mezani palikuwa na sampuli saba za asubuhi ambazo hazijasomwa. Alivuta fomu, akatia kidonge kwenye ya kwanza, akaitikisa, akaisubiri iseme.